Nusu ya Safari ya Chanjo: Jinsi ya Kuipima Ripoti ya Mradi Homa Bay na Migori

Tarehe 13 Septemba 2019 Kenya ilizindua chanjo ya malaria, RTS,S, katika Kaunti ya Homa Bay. Malawi ilikuwa imeanza tarehe 23 Aprili mwaka huohuo, na Ghana ikafuata wiki moja hivi baadaye. Lakini Shirika la Afya Duniani lilipozitaja nchi hizo tatu hadharani, Aprili 2017, lilisema watoto wangeanza kuchanjwa mwaka 2018. Hata tukiihesabia ahadi hiyo mpaka siku ya mwisho ya mwaka 2018, Kenya ilichelewa kwa zaidi ya miezi minane.

Ucheleweshaji huo si kashfa. Chanjo mpya inahitaji kibali cha mamlaka ya dawa, majokofu, wauguzi waliofunzwa na rejista zenye safu mpya. Mimi ninauanzia kwa sababu unatupa kipimo. Mradi ulikuwa mkubwa, uligharamiwa na wafadhili watatu, na ulifika nusu ya safari ukiwa na mambo uliyokwisha kuyaona na mengine ambayo haukuwa umeyaona bado. Namna ulivyoyaeleza yote mawili inatusaidia kuzipima ripoti nyingine nyingi zinazoandikwa katika kaunti hizi mbili, kuanzia za mashirika makubwa hadi za vikundi vyenye ofisi ya chumba kimoja huko Rongo au Mbita.

Kwanza tuuelewe mradi wenyewe. Jaribio kubwa la chanjo hii lilifanyika kati ya mwaka 2009 na 2014 katika nchi saba za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Lilionyesha kwamba kwa watoto waliopata dozi nne malaria ilipungua kwa asilimia 36 hivi katika muda wa takriban miaka minne. Lakini liliacha maswali mazito. Homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa, malaria ya ubongo vilevile, na vifo vya wasichana vilileta wasiwasi. Tena haikujulikana kama mama wa kijijini angeweza kumleta mtoto mara nne, moja ya safari hizo ikiwa ya kumpeleka akiwa na miaka miwili, wakati chanjo nyingine karibu zote zimekwisha. Ndipo ukabuniwa mpango wa kuitoa chanjo kupitia kliniki za kawaida huku ikichunguzwa. Gavi, Unitaid na Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, Kifua Kikuu na Malaria waliahidi kwa pamoja takriban dola milioni 52 kwa awamu ya kwanza. Kenya ilichagua kaunti nane za magharibi: Homa Bay, Migori, Kisumu, Siaya, Busia, Bungoma, Vihiga na Kakamega. Ndani ya eneo hilo kura ilipigwa, baadhi ya kaunti ndogo zikaanza kupata chanjo na nyingine zikabaki za kulinganishia.

Kura hiyo ndiyo nguzo ya habari yote inayofuata, na nitairudia.

Tuanze na ucheleweshaji, kwa kuwa hapo ndipo ripoti nyingi hupotea mapema. Katika ripoti za nusu ya mradi kuna sehemu ya kawaida iitwayo changamoto. Humo utasoma kwamba shughuli fulani zilisogezwa mbele kutokana na Uviko, mgomo wa wahudumu wa afya, mvua, uchaguzi, au fedha za kaunti kukawia kutoka Hazina ya Taifa. Yote hayo yametokea kweli katika Nyanza Kusini, na ndiyo maana ni rahisi kuyatumia kama kifuniko. Anayeipima ripoti hana haja ya kubishana kama mgomo ulikuwapo. Anachohitaji ni tarehe.

Kisa cha kwanza cha Uviko nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Mgomo wa wauguzi na matabibu ulianza Desemba 2020, ukavuka mwaka. Basi kama mafunzo ya wauguzi yalipangwa Agosti 2019 na hayakufanyika hadi Februari 2020, si Uviko wala mgomo ulioyazuia, hata kama maneno yote mawili yamo katika aya hiyohiyo. Chora mstari wa miezi kwenye karatasi. Juu yake weka shughuli zilizoahidiwa na siku zilipofanyika, chini yake weka matukio yanayolaumiwa. Kazi hiyo haichukui nusu saa, na mara nyingi itakuonyesha kwamba ucheleweshaji ulianza kabla ya kisingizio chake. Sababu halisi basi huwa ndani ya nyumba: mkataba na kaunti ulikaa mezani bila kutiwa saini, meneja wa mradi aliajiriwa akiwa amechelewa, au zabuni ya majokofu ilirudiwa. Hayo yanaudhi kuyaandika, lakini ndiyo mfadhili anayoweza kusaidia kuyarekebisha. Mvua hawezi kuizuia.

Ripoti ya haki pia husema ucheleweshaji mmoja umezaa nini mbele yake. Hapa mpango wa chanjo unatufundisha vizuri. Nchini Kenya dozi zilipangwa mtoto anapofikisha miezi 6, 7, 9 na 24. Mtoto aliyepata dozi ya kwanza akiwa na miezi sita siku ya uzinduzi, Septemba 2019, alifikisha miezi 24 Machi 2021. Takwimu zilizotumika katika tathmini ya nusu ya safari zilifungwa Aprili 2021. Hesabu ni nyepesi: kuanza kwa kuchelewa kulimaanisha kwamba karibu kila mtoto wa Homa Bay na Migori aliyekuwa kwenye mpango hakuwa hata amefika umri wa dozi ya nne, au alikuwa ameufikia wiki chache tu zilizopita. Kwa hiyo swali la kama wazazi wangeirudia kliniki mwaka wa pili halingeweza kujibiwa kwa uzito wakati huo. Ripoti iliyosema tu kwamba uzinduzi ulisogea kwa miezi kadhaa, ikanyamaza hapo, ingesema kweli na bado ingemficha msomaji jambo kubwa zaidi, yaani swali mojawapo kati ya yale yaliyogharamiwa lingejibiwa baadaye.

Sasa matokeo. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto katika maeneo yenye malaria ya wastani na ya juu. Lilitegemea takwimu za miaka miwili ya kwanza kutoka nchi zote tatu, ambako zaidi ya dozi milioni 2.3 zilikuwa zimetolewa kwa watoto zaidi ya laki nane. Mambo matatu yalisemwa. Zile dalili za hatari, homa ya uti wa mgongo, malaria ya ubongo na vifo vya wasichana, hazikujirudia. Watoto waliolazwa hospitalini kwa malaria kali walipungua kwa asilimia 30 katika maeneo ya chanjo yakilinganishwa na yasiyo nayo, miongoni mwa watoto wa umri uliostahili. Na kuhusu vifo kwa jumla, uwiano ulikuwa 0.93.

Namba hiyo ya mwisho inastahili kusomwa polepole. Maana yake ni kwamba pale ambapo maeneo ya kulinganishia yalikuwa na vifo 100, maeneo ya chanjo yalikuwa na 93. Asilimia saba pungufu. Fikiria sasa mwandishi wa ripoti aliyechoka, mwenye mfadhili anayesubiri, akiwa na namba kama hiyo mkononi. Sentensi ya kwamba mradi umepunguza vifo vya watoto kwa asilimia saba inajiandika yenyewe. Ila watakwimu walitoa pia mipaka ya makadirio yao: kweli inaweza kuwa popote kati ya 0.84 na 1.03. Ikiwa 0.84, chanjo imeokoa watoto wengi. Ikiwa 1.03, haijaokoa yeyote. Kwa hiyo tathmini haikudai kupunguza vifo. Ilisema takwimu zilizopo hazijatosha kuonyesha hilo, na kwamba ufuatiliaji unaendelea.

Uaminifu huo uliwezekana kwa sababu kipimo kiliandikwa mapema. Mwaka 2019, matokeo yakiwa bado hayajaonekana, wataalamu washauri wa Shirika la Afya Duniani walikubaliana juu ya utaratibu wa maamuzi: pendekezo lingeweza kutolewa iwapo wasiwasi wa usalama umeondoka na malaria kali imepungua kwa namna inayoelekea kupunguza vifo, bila kungoja takwimu za vifo zikamilike wala dozi ya nne ifikiwe na wengi. Wapo waliopinga. Mapema mwaka 2020 jarida la tiba la BMJ lilichapisha lawama kwamba kuamua baada ya miezi 24 ni mapema mno, na kwamba wazazi hawakuelezwa vya kutosha kuwa watoto wao wamo katika uchunguzi. Kwa maoni yangu lawama ya pili ilikuwa na uzito, na miradi ya afya ya kaunti hizi bado haijaichukulia kwa dhati. Ile ya kwanza ilijibiwa na maandishi ya 2019. Mtu anaweza kuukataa utaratibu ule, lakini hawezi kusema ulitungwa ili kuyafuata matokeo.

Hilo ndilo jambo la kwanza ninaloliangalia katika ripoti yoyote ya nusu ya mradi. Ninalitafuta pendekezo la awali la mradi na kuliweka kando ya ripoti. Kila kiashiria kilichoahidiwa kipo bado? Kilichoondoka kimeelezwa kwa nini kimeondoka, na ni nani alikubali kiondoke, na lini? Mradi ulioahidi kuongeza idadi ya watoto wanaokamilisha dozi tatu, kisha ripoti yake ikajaa idadi ya mikutano ya baraza na fulana zilizogawiwa, umebadilisha kipimo kimyakimya. Kubadilisha kwenyewe si kosa. Kosa ni kuubadilisha mti wa goli mpira ukiwa tayari umepigwa.

Kuna mfano wa upande wa pili, na haukuwa mbali. Sauri, katika Kaunti ya Siaya, kilikuwa kijiji cha mwanzo kabisa cha mradi wa Vijiji vya Milenia ulioongozwa na Profesa Jeffrey Sachs. Mei 2012 timu ya mradi ilichapisha katika jarida la The Lancet makala iliyosema kwamba baada ya miaka mitatu vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano katika vijiji vyao vya nchi mbalimbali vilipungua kwa kasi mara tatu kuliko mwenendo wa mashambani kitaifa. Watafiti wengine, akiwemo mtaalamu wa Benki ya Dunia aliyefanya kazi Nairobi, Gabriel Demombynes, walionyesha kwamba kasi ya kitaifa ilikuwa imekokotolewa kwa miaka tofauti na ile ya vijiji. Miaka ilipowekwa sawa, ubora uliodaiwa haukuonekana. Waandishi walikiri kosa na kuliondoa dai hilo mwaka huohuo. Watoto wa Sauri kweli walikuwa wanakufa wachache zaidi. Tatizo ni kwamba hata watoto wa vijiji ambavyo havikuguswa na mradi walikuwa wanakufa wachache zaidi, kwa kuwa vyandarua, dawa bora za malaria na huduma za Ukimwi vilikuwa vinaenea Nyanza nzima wakati uleule.

Hapo ndipo ile kura ya kaunti ndogo inapoonyesha thamani yake. Chukua mgomo wa Desemba 2020. Vituo vikifungwa, watoto wenye malaria hawaandikwi popote. Wanatibiwa kwa dawa za dukani au wanakufa nyumbani. Katika mfumo wa taarifa za afya wa taifa, KHIS, visa vya malaria vya miezi ile vitaonekana vimeshuka. Mradi wa malaria unaolinganisha Januari 2020 na Januari 2021 unaweza kuripoti ushindi ambao umeletwa na mlango uliofungwa. Mpango wa RTS,S ulilindwa na makundi yake mawili: mgomo na hofu ya Uviko vilipunguza wagonjwa katika maeneo ya chanjo na ya kulinganishia kwa pamoja, hivyo uwiano kati yao ukabaki na maana. Tena vifo vya vijijini vilifuatiliwa kijijini kwenyewe, kwani vingi havifiki hospitalini hata siku za kawaida.

Mradi mdogo hauwezi kupiga kura ya kaunti ndogo, na hatuwezi kuudai hivyo. Lakini mtathmini anaweza kufanya jambo rahisi. Akiona malaria imeshuka katika robo fulani ya mwaka, atazame magonjwa mengine ya vituo vilevile kwa miezi ileile. Kama nimonia, kuhara na idadi yote ya wagonjwa wa nje vimeshuka kwa kiwango kinachofanana, kilichopungua ni mahudhurio. Atazame pia ni vituo vingapi kati ya vyote vilivyoleta taarifa mwezi huo. Ripoti ya haki ingekuwa imeyasema hayo kabla hajauliza.

Tushuke sasa hadi kwenye zahanati, kwa mfano wa kubuni kabisa lakini wa aina inayokutwa kila siku. Shirika dogo limepewa fedha za miezi 24 kusaidia zahanati kadhaa za Homa Bay na Migori, katika kipindi hiki ambapo chanjo imekwisha kuenea. Limeahidi kwamba asilimia 70 ya watoto watapata dozi ya tatu. Kila mwaka watoto 1,500 hufikisha miezi sita katika eneo hilo, yaani 125 kwa mwezi. Ripoti ya mwezi wa 12 inasema: dozi 2,160 zimetolewa, mradi unaendelea vizuri licha ya changamoto za mwanzo.

Dozi 2,160 ni watoto wangapi? Jedwali la nyuma linaonyesha dozi za kwanza 960, za pili 720 na za tatu 480. Kumbe watoto waliofikiwa hawazidi 960, na walioifikia shabaha iliyoahidiwa ni 480. Mtathmini mkali ataligawa 480 kwa 1,500 na kupata asilimia 32, kisha atauhukumu mradi kuwa umeshindwa. Naye atakuwa amekosea.

Mradi ulianza kazi mwezi wa tano, kwa sababu makubaliano na kaunti yalikawia. Ulifanya kazi miezi minane, si 12. Katika miezi hiyo watoto 1,000 walifikisha miezi sita, na 960 kati yao wakapata dozi ya kwanza. Lakini dozi ya tatu hutolewa miezi mitatu baadaye. Waliokuwa na nafasi ya kuifikia ni wale waliotimiza miezi sita ndani ya miezi mitano ya kwanza ya kazi, yaani watoto 625. Ukiligawa 480 kwa 625 unapata karibu asilimia 77, juu ya ahadi. Meneja aliyeficha miezi minne ya kuchelewa, akatamba kwa dozi 2,160, amejinyima utetezi wake bora. Angesema wazi kwamba alianza mwezi wa tano, angeweza pia kusema ni nani hasa wa kuhesabiwa.

Lakini kazi haijaisha, kwa maana bado hatujajua kama 480 ni kweli. Kila dozi huandikwa mahali kadhaa: kwenye kijitabu cha mama na mtoto, kwenye rejista ya chanjo ya MOH 510 ambako kila mtoto ana mstari wake, kwenye karatasi ya kujumlishia ya siku, kisha jumla ya mwezi huingia fomu ya MOH 710 na kutoka hapo huingizwa KHIS. Ripoti za miradi huchukua namba kutoka mwisho wa mnyororo huo. Mtathmini aende mwanzo wake. Achague zahanati chache yeye mwenyewe, si zile alizopangiwa kutembelea, afungue MOH 510 na kuhesabu dozi za tatu, mstari kwa mstari, kwa miezi ileile. Katika mfano wetu, hesabu upya ya zahanati zote inatoa 400. Gawa 400 kwa 480: unapata 0.83. Karibu dozi moja kati ya kila sita zilizoripotiwa haina mtoto nyuma yake.

Kabla ya kumwita mtu mwongo, tafuta ilikotoka tofauti. Dozi za kwanza zililingana, za tatu peke yake ndizo zilizozidi. Mradi uliandaa kliniki za vijijini, chini ya miti na kwenye fukwe za wavuvi, kuwafuata hasa watoto waliokawia dozi ya tatu. Muuguzi alijumlisha karatasi ya kliniki hiyo, na watoto walewale wakajumlishwa tena walipoandikwa kituoni. Ni kosa la utaratibu, linalorekebishika kwa kupiga muhuri kila karatasi iliyokwisha kuhesabiwa. Udanganyifu huwa na alama nyingine: mstari mrefu wa majina kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, dozi zilizotolewa siku za mgomo, idadi ya mwezi inayoishia sifuri mara kwa mara, au dozi zilizotolewa kuzidi chupa zilizotoka stoo. Leja ya chanjo husaidia sana hapa, kwa kuwa chupa moja ya RTS,S ina dozi mbili tu, na chupa zilizotumika zinaweza kuhesabiwa.

Basi matokeo ya kweli ni 400 kati ya 625, yaani asilimia 64. Yako chini ya shabaha ya 70, na ni mara mbili ya ile asilimia 32 ya kuogofya. Yanasema pia jambo ambalo 2,160 haikulisema kabisa. Kati ya wale 625, watoto 600 walipata dozi ya kwanza, kwa hiyo theluthi moja yao walipotea kabla ya dozi ya tatu. Tatizo la mradi huu si kuwashawishi mama waje. Wanakuja. Tatizo ni kuwarudisha kati ya mwezi wa saba na wa tisa, na fedha za miezi 12 iliyobaki zinapaswa kuelekea huko: kwa wahamasishaji wa afya ya jamii wenye orodha ya majina ya waliokosa, kuliko kwa vipaza sauti vya uhamasishaji wa jumla.

Fedha nitazipitia kwa ufupi. Mradi uliokaa miezi minne bila kazi utakuwa na salio, na ripoti nyingi huliita akiba. Akiba ni pale kazi iliyopangwa imefanyika kwa gharama ndogo. Kama kazi haijafanyika, hilo ni deni kwa watoto waliokosa huduma, na ripoti iseme salio hilo litatumika lini na kwa kazi gani. Mtathmini aangalie hasa kama mishahara na magari yameliwa kwa kiwango cha miezi 12 huku shughuli zikiwa za miezi minane. Hapo ndipo ucheleweshaji huonekana kwa shilingi.

Siwezi kuwaachia waandishi wa ripoti mzigo wote. Mfadhili anayeachilia awamu ya pili ya fedha pale tu asilimia 70 inapofikiwa, bila kipengele cha kurekebisha kipindi pale kazi inapoanza kwa kuchelewa, anainunua ile dozi ya 401 isiyo na mtoto. Mkataba bora hulipia namba iliyohakikiwa na kuruhusu shabaha ijadiliwe upya kwa maandishi kabla ya ripoti kuandikwa. Na yapo makosa ya mfadhili mwenyewe ambayo ripoti huogopa kuyataja. Januari 2025 serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, kazi nyingi za Ukimwi katika Homa Bay na Migori, kaunti zilizo miongoni mwa zenye maambukizi ya juu kabisa nchini, zilisimama ghafla. Shirika lililosimamishwa hivyo linapaswa kuandika tarehe, barua iliyopokelewa na wagonjwa walioathirika, kwa utulivu uleule ambao lingetumia kuandika kuhusu mvua. Mfadhili mstahifu ataipokea.

Kusema ukweli nusu ya safari hakukuunyima mpango wa RTS,S fedha. Desemba 2021 bodi ya Gavi iliidhinisha zaidi ya dola milioni 155 za kuisambaza chanjo hiyo barani. Machi 2023 Kenya ilianza kuitoa katika kaunti ndogo zilizokuwa za kulinganishia. Na Oktoba 2023, ufuatiliaji ulipofika karibu miaka minne, matokeo yalitangazwa: vifo vya watoto wa umri uliostahili, ukiondoa vya ajali, vilikuwa vimepungua kwa asilimia 13 katika maeneo ya chanjo. Dai ambalo mwaka 2021 lingekuwa la kubahatisha sasa lilikuwa na msingi, na watu waliliamini kwa sababu halikuharakishwa.

Kuna mahali pamoja ambapo hata mpango huu haukufika, na ambapo miradi midogo inaweza kuutangulia. Ripoti zilizungumzwa Geneva, Nairobi na katika ofisi za kaunti. Kila zahanati ya umma Homa Bay na Migori ina kamati ya wananchi inayoisimamia, na wajumbe wake wanajua kliniki ya chini ya mti ilifanyika lini, muuguzi alikuwa likizo mwezi gani na jokofu liliharibika wiki ipi. Ninawaomba wakurugenzi wa afya wa kaunti zote mbili waweke sharti moja kwa kila shirika linalofanya kazi katika vituo vyao: kabla ripoti ya nusu ya mradi haijatumwa kwa mfadhili, kurasa zake za tarehe na matokeo zisomwe mbele ya kamati hizo, kwa Kiswahili, Kijaluo au Kikuria, na maoni ya kamati yaambatanishwe kama yalivyotolewa.